Kotesheni ndefu, kotesheni fupi, au mstari mmoja tu wa Wasapu: ipi utume?

Mnaouza vitu kwa maofisi mnaijua ile imeili ya kotesheni, ile inayoanza na "tunapenda kuchukua fursa hii adhimu" halafu mteja anashuka na kidole gumba mpaka kinauma ndo akutane na bei, na akishaiona bado hajui kama VAT imo au haimo. Hapa nimeziweka aina tatu za kotesheni pembeni kwa pembeni kwa kazi ile ile moja, tuone nani anafaa kutuma ipi, maana sio kila saa fupi inashinda na sio kila ndefu ni upuuzi.

Kazi yenyewe ni hii. Zahanati binafsi ya Tegeta inataka AC nne, tatu za BTU 12,000 kwa vyumba vya madaktari na moja ya BTU 18,000 ya mapokezi. Fundi ameshaenda kupima, vyumba vitatu bomba la shaba halizidi mita 3 kutoka mashine ya ndani mpaka ile ya nje, ila mapokezi ni mita 7 kwa sababu nje ya ule ukuta ni kwa jirani kwa hiyo mashine ya nje lazima izungushwe nyuma. Bei ni za mfano tu na VAT nimeihesabu kwa 18%, usije ukanishika shati: BTU 12,000 ni 1,150,000 kila moja, BTU 18,000 ni 1,750,000, kufunga ni 150,000 kwa kila AC, na bomba likizidi mita 3 ni 35,000 kwa kila mita.

Ya kwanza: ndefu

Siiweki yote, nitawachosha, ila mtaitambua:

> Ndugu Mteja Mtukufu,
> Tunapenda kuchukua fursa hii adhimu kukushukuru kwa kuonyesha nia ya kufanya kazi na kampuni yetu. Sisi ni wabobezi wa mifumo ya ubaridi, tuna mafundi wenye uzoefu mkubwa na tumejikita katika kumridhisha mteja...
> (aya mbili za inveta inavyookoa umeme na aina ya gesi)
> (jedwali la bei, AC tatu mstari wake, AC moja mstari wake, kufunga mstari wake, hamna jumla)
> Bei inajumuisha bomba la shaba mita 3 kwa kila AC. Mita za ziada zitatozwa 35,000. Laini ya umeme haihusiki na kotesheni hii. Waranti itafutika endapo mashine itaguswa na fundi asiye wetu. Bei hazijumuishi VAT. Bei zinaweza kubadilika bila taarifa.
> Tafadhali usisite kuwasiliana nasi kwa lolote. Tunasubiri majibu yenu mazuri.

Sasa jiweke kwenye kiti cha yule dada wa manunuzi. Yeye sio mwisho wa safari, imeili hii ataifowadi kwa mhasibu na kwa daktari mwenye zahanati, na daktari ataisoma kwenye simu kati ya mgonjwa na mgonjwa. Daktari anataka kujua anatoa shilingi ngapi na lini, akikosa anamuuliza dada, na dada anakurudishia wewe swali. Ndo maana unapata yale majibu matatu ya kila siku: "Hiyo ni na VAT?", "Bei ya mwisho ni ngapi?", "Mnaweza kuja lini?" Watu wa mauzo wanaona swali la kwanza na la tatu ni dalili ya mteja kuvutiwa, mimi nasema angalia vizuri, kama jibu lilikuwa tayari ndani ya imeili yako na bado umeulizwa basi halikuonekana, hapo huna haja ya utafiti mwingine.

Na kuna bomu la kimya pale kwenye mita za ziada. Wewe unajua mapokezi ni mita 7, fundi wako amepima, yaani mita 4 za ziada mara 35,000 ni 140,000. Mteja hajui. Ameona "mita 3 zimo" akaridhika, halafu invoisi inakuja na 140,000 ambayo daktari hajawahi kuisikia, hapo mhasibu anashikilia malipo yote, sio hiyo 140,000 peke yake. Kitu ambacho umeshakipima hakikai kwenye masharti, kinakaa kwenye bei.

Ya pili: fupi yenye mambo manne

> Kichwa: Kotesheni AC 4 Tegeta: TSh 7,009,200 na VAT, mwisho Ijumaa 20 Juni
>
> Habari za kazi dada,
>
> Bei: AC 4 (tatu BTU 12,000, moja BTU 18,000) na bomba lote 5,340,000. Kufunga 600,000. VAT 18% ni 1,069,200. Jumla TSh 7,009,200.
>
> Masharti: 4,906,440 (70%) mkiagiza, 2,102,760 (30%) siku tunawasha. Tunafunga ndani ya siku 5 za kazi tangu malipo ya kwanza. Laini ya umeme na breka ya kila AC anaweka fundi umeme wenu kabla hatujafika. Waranti mwaka 1, sevisi kila miezi 3 ifanywe na sisi, akigusa fundi mwingine inaisha.
>
> Bei hii inaisha: Ijumaa tarehe 20 Juni saa 10 jioni.
>
> Hatua inayofuata: Jibu imeili hii na LPO. Kama hamtumii LPO niandikie tu "tuendelee", nakutumia profoma yenye akaunti siku hiyo hiyo.
>
> Vipimo, picha na maelezo ya mashine yako kwenye PDF niliyoambatanisha.

Kwenye simu hiyo inasomeka bila kushuka sana, na hata asipoifungua kile kichwa peke yake kimeshasema kazi gani, hela ngapi na mwisho lini. Daktari akiulizwa mlangoni "vipi zile AC?" ana jibu.

Ila msiipende kwa ufupi wake tu, angalieni nini kimebaki. Lile sharti la waranti limebaki, la laini ya umeme limebaki, mtu mwingine angeyafuta akidhani anafupisha. Mimi nikikata imeili ya namna hii kila sentensi naiuliza: ukiondoka, kuna hela itabadilika, kuna tarehe itabadilika, au kuna mtu atadhani kazi yake ni ya mwingine? Ikiwa ndiyo, inabaki hata kama ni mbaya kuisoma. Ikiwa hapana inaenda PDF, au inaenda pipa. Historia ya kampuni pipa. Inveta na gesi PDF, maana fundi wao anaweza kutaka kujua na daktari hataki. "Usisite kuwasiliana nasi" pipa, namba yako iko chini ya jina lako. Laini ya umeme inabaki kwa sababu siku mafundi wanafika wakakuta hamna waya ukutani siku nzima imekufa na kila upande unamwangalia mwenzake.

Kwenye bei nako kuna kitu watu wanafupisha mpaka wanajiumiza. Unaona nimetenganisha AC na kufunga, sijaandika jumla peke yake? Tanzania kwenye malipo ya huduma mteja ambaye ni kampuni anakata kodi ya zuio 5%, na vifaa vya kawaida ukiuzia kampuni binafsi havikatwi hiyo. Kufunga ni huduma, 5% ya 600,000 ni 30,000. Sasa ukiandika "kusambaza na kufunga AC 5,940,000 kabla ya VAT" kwa mstari mmoja, mhasibu mwoga atakata 5% ya yote, ni 297,000, na kuja kuirudisha au kuidai TRA kwenye ritani yako ni habari nyingine ndefu. Mstari mmoja wa ziada unakuokoa. Kwa hiyo kufupisha bei sio kuibana ibaki namba moja, ni kubaki na vipande vile ambavyo mhasibu anavihitaji ili alipe bila kukupigia, na jumla iwe kubwa na nene.

VAT nayo inategemea nani anasoma. Huduma za afya Tanzania zimesamehewa VAT, maana yake zahanati haiwezi kuidai ile 1,069,200 kama kodi ya manunuzi, kwao ni gharama kamili, ndo maana kichwani nimeweka bei na VAT. Ungekuwa unamuuzia mwenye kiwanda aliyesajiliwa VAT, yeye anaidai, kwa hiyo kwenye hesabu zake anaangalia 5,940,000, muwekee zote mbili ila usimfiche hata moja. Wenzetu wa Kenya badilisheni asilimia ya VAT iwe 16, ila sheria nyingine ninazozitaja hapa ni za Tanzania.

Muda wa ofa, hapa ndo pa kukaa kidogo

Ukilinganisha hizo mbili, tofauti kubwa kuliko zote kwangu mimi sio urefu, ni ule mstari wa "bei zinaweza kubadilika bila taarifa" dhidi ya "inaisha Ijumaa tarehe 20 Juni saa 10 jioni". Ule wa kwanza unaonekana unakulinda. Kumbe unamnyima dada wa manunuzi kitu cha kupeleka juu, kwa sababu bosi akisaini kesho bei inaweza kuwa nyingine, sasa asaini nini? Anaiweka pembeni, anatafuta kotesheni yenye bei inayosimama.

Na ukiacha kabisa kuandika muda hujawa salama. Sheria ya mikataba ya Tanzania inasema ofa inakufa muda uliotajwa ukipita, na kama haukutajwa inakufa baada ya "muda wa kutosha" kupita. Muda wa kutosha ni siku ngapi kwa AC? Wiki mbili? Miezi miwili? Hapo ndo mnaanza kubishana, mteja amekuja baada ya miezi mitatu na kotesheni yako mkononi na wewe mzigo umepanda.

Tena siku hizi muda una uzito zaidi kuliko zamani. Zamani wengi walikuwa wanajificha kwenye dola, unaandika bei kwa dola shilingi ikishuka haikuhusu. Kanuni za Benki Kuu za Machi 2025 zimezuia kuweka bei za ndani kwa fedha za kigeni, kwa hiyo unanukuu shilingi na wewe ndo unabeba hatari ya dola kati ya leo na siku mteja anaagiza. Kinachokulinda ni tarehe ya mwisho.

Sasa ziwe siku ngapi? Sio kukopi "siku 30" kutoka kwenye kotesheni ya mwaka juzi. Muulize anayekuuzia wewe, yule wa Kariakoo au ajenti mwenye kontena, anakushikia bei mpaka lini. Akikwambia wiki mbili halafu wewe ukampa mteja mwezi, hizo wiki mbili za mwisho unacheza kamari kwa hela yako. Halafu geuka upande wa pili, muulize dada wa manunuzi daktari anasaini malipo siku gani. Akisema Alhamisi, usiweke mwisho Jumatano. Ofa inayoisha siku moja kabla ya kikao ni kama haikutumwa. Andika tarehe na siku yake na saa, usiandike "siku 14" maana kuna mtu atahesabu tangu alipoifungua na kuna mtu atahesabu siku za kazi tu.

Hatua inayofuata

Hapa sitakaa sana. Ndefu inasema "tunasubiri majibu yenu mazuri", hiyo sio hatua, hiyo ni dua. Fupi inasema fanya hiki, utapata hiki, siku hiyo hiyo. Kosa la kawaida nikiona watu wamefupisha ni kuweka hatua nne kwa pamoja, piga simu au tembelea ofisi yetu au jaza fomu au jibu imeili, mteja akiwa na njia nyingi anachagua kesho. Mimi nimeweka LPO, na "tuendelee" kwa wasiotumia LPO, basi, zote zinapita kwenye kitufe kile kile cha kujibu. Na jibu likiwa la maandishi kwenye imeili ile ile yenye bei na masharti unakuwa na ushahidi wa walichokubali, kitu ambacho simu haikupi.

Ya tatu: mstari wa Wasapu

> AC 4 ni 5.9, mambo safi dada, karibu sana 🙏

Hii nayo ipo na wengi ndo wanauzia hivi, na inajibiwa haraka kweli, sikatai. Shida ni kwamba 5.9 mteja ameielewa ndo ya kulipa, anamwambia daktari "kama milioni sita", halafu profoma inakuja 7,009,200. Hujamdanganya, ila daktari anaona umempandishia milioni moja na ushee kwa VAT ambayo hukuieleza, na dada wa manunuzi ndo anayeaibika mbele ya bosi wake. Yule hatakuombea kazi tena. Hamna muda, hamna nani anavuta umeme, hamna malipo ya kwanza kiasi gani.

Inafaa wapi? Kwa mteja wa kurudia ambaye masharti yenu yapo kwenye maandishi ya mwanzo. Zahanati ile ile ikitaka AC ya tano baada ya miezi miwili unaweza kumwandikia: "BTU 12,000 moja, kufunga na VAT imo, 1,534,000, masharti yale yale ya imeili ya Juni, bei mpaka Ijumaa hii, nikutumie profoma?" Bado ni mstari mmoja, ila mambo yote manne yamo, masharti yameazimwa tu kutoka kule.

Kwa hiyo nani atume ipi

Mteja wa kawaida anayeagiza mara ya kwanza, tuma ya pili, sioni sababu ya kusita. Kampuni kubwa ambayo kotesheni yako itakaa mezani na nyingine mbili za kulinganishwa, bado mwili wa imeili uwe ile ya pili, ndefu igeuze PDF yenye kichwa cha barua, mhuri na vipimo kamili, maana faili la manunuzi linataka karatasi. Hakikisha tu namba za PDF na za imeili ni zile zile mpaka shilingi ya mwisho, watu wanabadilisha bei kwenye imeili wanasahau PDF halafu mhasibu anashika ile ndogo. Na jina la faili liwe na maana, `Kotesheni_AC_Tegeta_20Juni.pdf` sio `scan0034.pdf`, kwa sababu litahifadhiwa na mafaili kibao.

Taasisi za serikali ni mchezo mwingine, huko manunuzi yanapita kwenye mfumo wa NeST na unajaza walichotaka, ukisema ufupishe fomu yao utakuwa umejitoa mwenyewe. Na kazi ambazo bado hujapima, mfano jengo zima au kazi yenye mabomba ya kupita kwenye dari, usikimbilie namba moja ya mwisho. Hapo ile fupi inabaki na sura ile ile ila bei inakuwa kwa kila AC na kwa kila mita, na hatua inayofuata inakuwa siku ya fundi kwenda kupima.

Mwisho, kama ofa inaisha Ijumaa tarehe 20 na mpaka Jumatano kimya, usiandike imeili mpya ya kukumbusha. Jibu juu ya ile ile uliyotuma ili bei iwe chini yake, mstari mmoja unatosha: "Dada, bei iliyoandikwa hapo chini inaisha keshokutwa saa 10, nikushikie mzigo au daktari bado hajasaini?" Akisema bado hajasaini, muulize anasaini lini, halafu mpigie anayekuuzia kabla hujamuongezea mteja hata siku moja.